Tona Ndani ya Blichi

Bucha hakubisha hodi. Aliupiga teke mlango wa saluni, kitasa kikagonga ukuta, kisha akaingia na kuusukumia komeo nyuma yake. Mkono wa kushoto ulishika kilemba alichokivua njiani. Wa kulia ulishika chuma cha kunolea visu. Watu walimwita Bucha kwa sababu bucha ya mtaani ilikuwa yake, na mabega yake yalikuwa ya mtu anayebeba mapaja ya ng'ombe tangu alfajiri. Siku hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa anaolewa.

"Nani kati yenu," aliuliza, "amenipasulia yai kichwani?"

Kidosho alikuwa anafagia. Ufagio ulimganda mkononi. Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Mwanamke yule aliagiza rangi ya majivu, ya fedha, na mbele yake zilisimama nywele za njano kali, na kisogoni njano yenyewe ilikuwa imegeuka chungwa.

Aliyezitia dawa ni yeye Kidosho, jana, kwa mikono yake miwili.

Jana wifi yake, mwenye saluni, alikuwa kwa daktari wa meno, na wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama saa. Kazi ya majivu ina hatua mbili: kwanza blichi inazifungua nywele hadi ziwe njano hafifu, zinaoshwa, zinakaushwa kwa taulo, ndipo inakuja tona ya zambarau kuizima ile njano. Kidosho akajiambia kuwa zote ni dawa tu, na kichwa ni kimoja. Akaiminya tona humo humo ndani ya bakuli la blichi, akakoroga, akapaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Alipoziosha nywele alimwonyesha Bucha kioo karibu na dirisha, kwenye mwanga wa jioni usiosema kweli, akamwambia, "Zitatulia zikikauka, dada yangu." Bucha akaamini, akafunga kilemba, akaenda kulala. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kitandani kwa Bucha asubuhi.

"Dada, keti kwanza," alisema mwenye saluni akitoka chumba cha nyuma. Mtaa mzima ulimwita Bosi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shavu lililovimba kwa jino la jana. "Keti tuongee."

"Nikiketi nitaketi juu yako."

Chuma kilipita hewani na kioo cha kwanza kikaporomoka chote, kuanzia juu hadi chini, kikamwagika juu ya meza ya vitana. Cha pili kilifuata. Kipande kilimchana Kidosho kwenye kigimbi cha mguu, akahisi uvuguvugu wa damu ukishuka hadi kwenye kandambili. Hakupiga kelele. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, kilichomo kingetoka chenyewe.

"Unavunja mali yangu bila kuuliza!" alifoka Bosi.

"Nimeuliza. Nimeuliza nani!"

"Wifi," Bosi akamgeukia Kidosho, "jana ulifanyaje? Sema mbele yake."

Huo ndio ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Kidosho aliona vioo chini, aliona chuma, akafikiria kibarua chake, akamfikiria mumewe, ambaye ni mdogo wake Bosi na ndiye aliyembembeleza dada yake ampe nafasi hii. Aliutazama ule mlango, halafu akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilifuata hatua zote," alisema. "Blichi, nikaosha, nikatia tona. Nywele zimekataa."

Bosi aliitika kwa kichwa. Kwake neno la wifi lilitosha. "Umesikia? Hizi nywele zako zina hina ya zamani. Hina ikishaingia, hata uite fundi wa mbinguni, majivu huyapati. Ungesema mapema."

"Sijawahi kupaka hina maishani mwangu."

"Waongo ndivyo wasemavyo."

Bucha alimzaba kofi. Halikuwa kofi la ugomvi wa kisimani. Lilitua kwenye shavu lile lile la jino, na Bosi alikwenda chini akiburuza kiti na birika la maji ya moto. Alipoinuka mdomo ulikuwa umejaa damu. Alitema kipande cha pamba cha daktari, akashika mkasi mkubwa mezani. Wakakumbatiana wale wawili, kama watu wanaosalimiana baada ya miaka mingi, wakazunguka, wakagonga sinki, chupa za shampuu zikabiringika. Mkasi ulimpata Bucha begani na kutoboa blauzi. Bucha alimshika Bosi kifundo cha mkono, akakipinda mpaka mkasi ukaanguka, kisha akambana shingo ukutani kwa kiwiko.

"Muue basi!" alilia Kidosho, na mwenyewe akashangaa maneno aliyoyachagua.

Bucha alilegeza kidogo. Alikuwa anahema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila ruhusa yake. "Mama mkwe amesema kuna ndugu zao mia mbili wanakuja," alisema. "Mia mbili. Tangu mwanzo wanasema kijana wao anaoa mchinjaji. Leo wataniona hivi."

Bosi alipata pumzi. Alikuwa mbishi, tena mbishi wa kazi, na mbishi wa kazi hata akikabwa hukabwa na hoja yake. "Tupime," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kata kishungi hapo chini ya kisogo, shingoni, ambapo dawa haikufika. Tukifanye hatua kwa hatua mbele ya macho yako. Kikitoka njano, ni hina yako, utanilipa vioo na kuniomba msamaha. Kikitoka majivu, sisi ndio waongo." Akaweka mkono wa kulia juu ya meza, akatandaza vidole. "Na mkono huu utauvunja kwa chuma chako hicho. Kwa mkono huu ninakula."

"Wifi, usiseme hivyo," alisema Kidosho.

"Kwani una wasiwasi? Si umesema ulifuata hatua?"

Bucha alijikata kishungi mwenyewe, kwa kisu alichokitoa kiunoni. Kidosho aliamriwa achanganye. Unga wa blichi, dawa ya kufungulia, akakoroga hadi ukawa uji mzito. Unga mwingine ulimwagika kwenye sinki. Alijua, kama anavyojua jina la mama yake, kwamba kishungi kile kingetoka majivu. Nywele zilikuwa safi. Hina ilikuwa dhana ya Bosi, iliyozaliwa na uongo wake yeye Kidosho.

Akakipaka, akakifunga kwa karatasi ya fedha, wakangoja.

Bucha alikaa kwenye kiti cha wateja, chuma mapajani, damu ikikauka begani. Bosi aliegemea meza akijifuta mdomo. Dakika ya kumi na tano Kidosho aliona pa kupenyea. Akafungua karatasi, akakiona kishungi kiko rangi ya chungwa, akasema haraka, "Tayari, wifi. Nikioshe nitie tona." Alijua zambarau haizimi chungwa. Kikioshwa sasa kingebaki na rangi ya kutu, Bosi angeshinda, na mkono ungepona.

Bosi alisogea, akakitazama. "Hii tayari? Hii ni karoti. Tona utaiweka juu ya nini hapa? Ifunge tena."

"Lakini..."

"Ifunge, wifi. Unaniaibisha mbele ya mteja."

Akaifunga. Dakika ya thelathini na tano Bosi mwenyewe alikifungua. Kilikuwa njano ya ndani ya ganda la ndizi, hafifu kabisa. Akaridhika. Kikaoshwa, kikabanwa kwenye taulo. Bosi akaminya tona kwenye bakuli safi, akaichanganya na dawa dhaifu, akakipaka kwa brashi kama anapaka siagi.

"Sasa hapa utaona," alimwambia Bucha, na hakuacha kufundisha hata na shavu lile. "Blichi kazi yake ni kula rangi. Haijui hii ya kwako na hii ya dukani, inakula tu. Ndiyo maana tona inasubiri mpaka blichi imeoshwa. Kuna wavivu wanaziweka bakuli moja. Tona inaanza kushika wakati nywele bado chungwa, halafu blichi inaendelea kuzifungua na kuila tona yenyewe. Wanaosha, wanakuta wamebakiwa na njano."

Alikomea hapo. Alikuwa amesikia alichokisema.

Aliangalia kichwa cha Bucha: njano juu, chungwa kisogoni. Kisha alimwangalia Kidosho. Kidosho aliinamisha uso akatazama damu yake kwenye kandambili.

Dakika nane zikatimia. Bosi alikiosha kishungi, akakikausha, akakilaza kwenye taulo nyeupe. Kilikuwa majivu, safi, hakina hata chembe ya njano. Kilikuwa kizuri kuliko picha aliyokuja nayo Bucha.

"Majivu," alisema Bucha taratibu. Akainuka.

"Majivu," alijibu Bosi. "Hukupaka hina. Nimekuita mwongo hapa kwangu, nisamehe." Akarudisha mkono mezani na kutandaza vidole.

Sema, Kidosho alijiambia. Sema sasa. Bucha hakuwa na hakika, ilionekana. Alimtazama Bosi usoni akitafuta kubembelezwa, na kama Bosi angemwomba, huenda angekitupa chuma. Bosi hakuomba. Alikuwa anamwangalia wifi yake tu, anangoja. Ule ukimya ukamrudishia Bucha hasira yote ya asubuhi. Chuma kikapanda.

"Ni mimi!" Kidosho alipiga ukelele. "Mimi nimechanganya! Bakuli moja, mimi..."

Chuma kilishafika. Sauti ilikuwa ndogo, ya kuni kavu. Bosi hakulia; alikunja magoti, akakaa chini polepole katikati ya vioo, akiushika mkono kifuani. Vidole viwili vilikuwa vimeelekea pasipo pao.

Bucha aliachia chuma. "Mungu wangu," alisema. "Kwa nini Bosi hakusema? Kwa nini wewe hukusema?"

Kidosho alipiga magoti kwa Bosi. "Wifi, nisamehe. Twende hospitali, wifi, twende."

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Bosi. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Saa tano na nusu."

"Kisogoni pana chungwa. Pafungue kwanza kwa blichi, robo saa, uangalie. Uoshe. Halafu tona kichwa kizima. Peke yake." Alivuta pumzi kwa meno. "Nitakaa hapa hapa nikuone. Hospitali baadaye."

Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Bucha alikaa kitini, machozi yakimchuruzika hadi kwenye taulo, na Kidosho alifanya kila hatua kwa mpangilio wake, akimsikia Bosi nyuma yake akigumia kila anapohema. Hakukuwa na kioo kizima cha kumwonyesha. Bucha aliokota kipande sakafuni, akajiona: majivu yaliyotulia, kutoka paji hadi kisogo. Alimwinamia Bosi, akataka kumbusu mkono, akakumbuka, akambusu kichwani. Kisha akafunga kilemba na kwenda kuolewa.

Kidosho alitafuta kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika. Bosi alimwachia aufunge, hakumzuia, hakumtazama.

"Nilijua kabla hajakipandisha," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakupa nafasi."

"Wifi..."

"Usiniite hivyo leo. Nenda kamwite mdogo wangu anipeleke hospitali. Na umweleze mwenyewe, kwa mdomo wako, nani amenivunja."