Asilimia Sitini

Nilipata thelathini na nne. Mtihani wa leseni ya ushauri wa uwekezaji una maswali hamsini na kufaulu ni kwa thelathini na tano. Maksi moja tu. Ukitaka kujua uchungu wake muulize aliyekosa basi kwa dakika moja huku analiona linaondoka.

Bosi wangu alishasema: bila leseni kufikia mwisho wa mwezi, ninatoka dawati la wateja ninarudi mapokezi, kuandika majina ya wageni na kuwaelekeza choo kilipo. Miaka sita nimekaa dawati lile. Mama yangu akaniambia niache kung'ang'ana, kwamba kazi ni kazi. Nikamwambia mama, kazi ni kazi kwa mtu ambaye hajaonewa.

Maana nilionewa, na nilijua swali gani. Bodi ya mtihani inawaruhusu walioanguka kwenda kukagua karatasi zao. Nilikwenda, nikakaa na mwongozo wa majibu, nikapekua mpaka swali la thelathini na moja. Ilikuwa sehemu ya kulinganisha: unapewa kisa cha mteja, unachagua kosa la akili linalomsumbua. Kulikuwa na meneja aliyepata faida miaka mitatu mfululizo, akaanza kununua na kuuza kila siku akiamini soko halimshindi. Huko ni kujiamini kupita kiasi. Kulikuwa na karani aliyenunua hisa kwa sababu ofisi nzima imenunua, ripoti ya kampuni hajaigusa. Huyo anafuata mkumbo. Sina ugomvi na hayo.

Halafu kuna mstaafu. Alinunua hisa kwa mia moja, sasa ni sitini. Mchambuzi amemwambia kampuni haina mwelekeo tena. Wenzake wa kikundi chake cha uwekezaji wote wameshauza. Yeye hauzi ng'o. Anasema, "Nikiuza ndipo nitakuwa nimepoteza. Nasubiri irudi mia." Mimi niliandika woga wa hasara. Mwongozo ukasema kufuata mkumbo. Mkumbo upi, jamani, wakati wenzake wamekwenda kulia na yeye kabaki kushoto peke yake? Aliyetunga majibu aliona neno "kikundi" akakimbia nalo.

Nikakata rufaa.

Chumba cha rufaa kilikuwa na meza ndefu, feni inayogongagonga na watu watatu. Mwenyekiti, mwanamume mpana mwenye tai ya bluu. Katibu, kijana aliyekuwa anaandika kila kitu. Na mhadhiri, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Nilieleza hoja yangu. Nilipomaliza, mwenyekiti hakusubiri. Alisema mwongozo umepitiwa na wataalamu, kisa kinataja kikundi, kwa hiyo ni mkumbo. Kisha akawageukia wenzake awaulize wanaonaje. Katibu akatikisa kichwa kukubali. Mhadhiri akatazama kalamu yake, naye akakubali.

Nikahisi damu inanipanda. Hapo hapo mwenyekiti akafungua karatasi yangu ya maswali, akaweka kidole pembeni mwa swali.

"Mama, hapa umeandika sitini kwa penseli. Hii ni nini?"

Nikamweleza. Mwalimu wetu wa darasa la Jumamosi alitufundisha kuandika kando ya kila jibu tuna uhakika kiasi gani, kisha tulinganishe na tulichopata. Mara ya kwanza kufanya mtihani huu niliandika tisini kwenye maswali thelathini, nikapatia kumi na nane tu kati yake. Nilijifunza adabu siku ile. Ofisini wananiita Mama Asilimia, na wala sikasiriki.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe hukuwa na uhakika," akasema, akitabasamu.

"Nilikuwa na sitini na nikapatia, mheshimiwa. Nyinyi mna mia na mmekosea. Tena mnatutahini sisi kuhusu kujiamini kupita kiasi."

Tabasamu likaisha. Mhadhiri akavaa miwani.

Sikunyamaza. Nikawaomba jambo moja, ambalo limo kwenye vitabu vyao wenyewe: kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi yake, bila kuzungumza, bila kuchungulia, kisha tufungue pamoja. Ndiyo dawa ya mkumbo. Mkubwa akisema kwanza, wadogo wanaitikia tu. Mwenyekiti akasema hapa si darasani. Lakini mhadhiri alikuwa ameshachana ukurasa wa daftari vipande vitatu.

Waliandika. Katibu alifungua chake kwanza, masikio yamemwiva: woga wa hasara. Mhadhiri akafungua: woga wa hasara. Mwenyekiti hakufungua. Alikikunja cha kwake mara mbili, akakitia mfukoni mwa shati.

Alikohoa, akaja na sauti mpya, ya upole. Nipewe maksi yangu, leo hii, barua itoke saa hii hii. Ila nitie sahihi kwamba suala limekwisha na sitalizungumza. Nikauliza, na wengine waliojibu kama mimi? Akasema hao hawakukata rufaa. Nikikataa, suala linakwenda bodi kuu, wiki tatu au nne, na bodi ikiona vingine ninabaki na thelathini na nne zangu.

Katibu akanisogezea karatasi na kalamu.

Sitasema uongo, mkono ulikwenda. Maksi ile dakika moja nyuma haikuwa yangu, na sasa tayari ilikuwa yangu, na kuiachia kuliniuma maradufu ya furaha niliyoipata nilipopewa. Niliiona akilini kadi yangu ya jina pale dawati la wateja. Niliogopa, naam, niliogopa sana. Nikamkumbuka yule mstaafu na hisa zake, ameng'ang'ania kitu kwa sababu tu kukiachia kunauma. Nikaweka kalamu mezani.

"Swali lilikosewa kwa wote," nikasema. "Lisahihishwe kwa wote. Na naomba katibu aandike kwamba wawili kati ya watatu wamejibu kama mimi."

Mwenyekiti akasema nitajuta. Katibu akamtazama, akanitazama, akaandika. Mhadhiri akatia sahihi chini yake bila kuulizwa.

Mwezi ukaisha. Nikarudi mapokezi. Niliandika majina ya wageni, nikawaelekeza choo. Wenzangu wa ghorofani walipita wakiniangalia kwa huruma, wengine wakinong'ona kwamba mjinga huyu alipewa mkononi akakataa. Mama alinipigia akaniuliza nimefaidi nini. Nikakata simu nikiwa na hasira naye na mimi mwenyewe.

Siku yangu ya kumi na tisa hapo barua ya bodi ikaja kwenye meza ile ile ya mapokezi, nikaipokea na kuisaini mwenyewe. Mwongozo wa swali la thelathini na moja umefutwa na kusahihishwa. Watahiniwa kumi na saba wamevuka. Kumi na sita siwajui hata sura.

Nilimpelekea bosi; akateremka ngazi barua mkononi, akaniambia nipandishe vitu vyangu juu. Kisha akaegemea meza, akaniuliza kama nilikuwa na hakika kwamba bodi ingenikubalia.

"Sitini," nikamwambia, nikichukua mkoba wangu. "Ilinitosha."