Tangazo Lisilomlenga Mtu

Meneja wetu wa ushirika, mzee Clemens, anaogopa mkanganyiko kuliko anavyoogopa ukame. Kwa hiyo alipoamua kubadili utaratibu wa funguo za ghala la mbolea, alinikalisha kwenye kompyuta, mimi karani wake, akanisomea tangazo polepole kama anaandikisha imla. Kuanzia Jumatatu, ufunguo wa akiba wa ghala utakaa kwa karani. Mtunza ghala asipokuwepo, karani atafungua mbele ya meneja, na mzigo wowote utakaotoka wataandika na kusaini wote wawili. Mwenye swali amwone meneja.

Mpaka hapo hata mbuzi angeelewa. Halafu mzee akakuna kidevu.

"Abeli, ongeza hapo chini: Mabadiliko haya hayamlengi mtu yeyote."

"Kuna mtu amesema yanamlenga, mzee?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunaandika."

Nikaongeza. Nakala moja tukabandika ubaoni, nyingine nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Watu wakajibu kwa vidole gumba, nikajua mambo poa.

Saa ya chai Masanja, dereva wa lori letu, alisimama mbele ya ubao na kikombe mkononi. Alisoma tangazo lote, akarudia mstari wa mwisho, akapuliza chai.

"Kwetu mtu akikwambia sikusemi wewe, unaanza kujikagua mifuko," alisema. "Sasa huyu mtu yeyote ni nani?"

Macho yote yalikwenda ghalani. Mtunza ghala ni mmoja tu, da Silvana. Ufunguo ameushika tangu mimi mtoto nakimbizana na vifaranga kule Malangali.

Kufikia mchana mbolea ilikuwa imeshapotea midomoni mwa watu. Mmoja alikumbuka kumwona Silvana na viatu vipya. Mwingine akasema mume wake ameezeka bati, na bati siku hizi haliokotwi. Wapakiaji waliozoea kumtania asubuhi hadi jioni wakaanza kumsalimia kwa adabu, na adabu ya wapakiaji ni jambo la kutisha.

Silvana alikuja mezani kwangu, akauweka ufunguo wake juu ya karatasi zangu.

"Chukua na huu, mdogo wangu. Nimwachie meneja ghala lake, nirudi Mpui nikalime. Mwizi hakai na funguo."

"Nani kakuita mwizi, dada?"

"Hakuna. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwepo ningemjibu."

Nilijaribu utani, ukagoma kutoka. Nikauchukua ule ufunguo, tukaingia wote kwa meneja. Silvana hakukaa.

"Shikamoo meneja. Nimepoteza nini?"

"Marahaba. Hujapoteza kitu, Silvana."

"Basi kwa nini ufunguo wa pili?"

Mzee akaangalia dirisha, akaangalia kalenda. Mwisho akasema. Wiki iliyopita Silvana alipokwenda kumzika mama mkwe, wakulima kutoka Nkasi walishinda nje ya ghala, wakaondoka bila mbolea.

"Ruhusa ulinipa wewe," Silvana alisema.

"Nilikupa. Nikasahau kuuliza nani atafungua. Sasa ningeandika sababu, watu wangesema nakulaumu kwa kwenda msibani. Nikaona nikusitiri."

"Umenisitiri mpaka nimekuwa mwizi, mzee."

Clemens akainuka. Akaniomba ufunguo, akamrudishia Silvana mkononi, akatoka nje, akaita wote mpaka mlinzi. Akasoma tangazo upya. Safari hii sababu ilitangulia, msiba, wakulima na usahaulifu wake mwenyewe. Ule mstari wa mwisho akaukata kwa kalamu mbele yetu.

Silvana akaongeza sharti. Kabla ya ufunguo wa pili kutoka, ghala lihesabiwe, wasaini yeye, mimi na meneja. Masanja na wapakiaji wakahesabu wenyewe, maana ndio waliokuwa na hamu zaidi. Mbolea ilikuwepo yote. Masanja akakung'uta vumbi la gunia, akasema viatu vipya kweli vinampendeza dada.

Nilidhani yameisha. Nikiwa natoka na ufunguo wa akiba mfukoni, nikamsikia mpakiaji akimnong'oneza mwenzake, "Kwa nini wamempa Abeli? Halafu mstari wamekata. Kwa hiyo sasa mabadiliko yanamlenga mtu."

Nikageuka. Wote wawili wakanisalimia kwa adabu.

Silvana alikuwa mlangoni anafunga kufuli. Alicheka, mara ya kwanza tangu tangazo libandikwe.

"Usihofu, mdogo wangu," akasema. "Hayamlengi mtu yeyote."