Nyasi za Ng'ombe wa Shairi

Mzee Saruni aliingia ofisi ya walimu ya shule moja Kitengela akiwa amebeba robota la nyasi begani. Bintiye Soipan alimfuata akitamani sakafu immeze.

"Sopa, mwalimu," alisalimia Kimaasai. "Wako wapi?"

"Nani, Baba Soipan?" Mwalimu Nzula aliuliza.

"Ng'ombe. Huyu binti alinisomea jana."

Soipan alitoa karatasi ya zoezi. Shairi lilikuwa la Nzula mwenyewe:

*Jua limenuna, lachapa mabati,*
*Kisima ni jicho, chozi halipati,*
*Ng'ombe wamekonda kama vijiti.*

Chini yake: tambua tashbihi, sitiari na tashihisi, eleza athari ya kila moja. Ambaye hangepata nusu ya alama hangeenda Namanga kwenye shindano la mashairi. Soipan alikuwa ametambua zote, lakini kila athari aliandika hivi: "Linapendeza." Kwa jibu hilo, Nzula hutoa sufuri.

"Mzee, ni shairi tu."

"Najua ni shairi. Mimi si mjinga. Lakini huwezi kumjua ng'ombe wa vijiti kama hujamwona. Ulimwona wapi?"

"Sijamwona. Nilitunga nikinywa chai."

"Basi umemkondesha mwenyewe. Mlishe."

Mwalimu mkuu, Bwana Munguti, alichungulia, akaona nyasi juu ya madaftari. "Nzula, si uongeze mstari mmoja, wapate kula kidogo?"

"Nikiwalisha, tashbihi inakufa," Nzula alisema. "Hakuna atakayewahurumia."

"Mimi nimewahurumia," Saruni alisema. "Sikulala. Niliziona mbavu."

Nzula alimgeukia Soipan. "Umesikia? Sasa nieleze athari."

Soipan alimtazama babake, kisha nyasi. Akafuta "linapendeza" ya kwanza.

"'Kama vijiti' ni tashbihi. Msomaji anaziona mbavu, anaingiwa na huruma, mpaka analeta chakula."

"Hapo sawa. Jua?"

"Tashihisi. Jua limepewa hasira ya mtu. Ukame unakuwa kama adhabu, na huyo anayekuadhibu humfikii umwombe msamaha."

"Nani alimkasirisha?" Saruni aliuliza.

"Baba, tafadhali."

"Kisima?" Nzula aliuliza.

Soipan alisita. Saruni akafungua mdomo. Nzula akamnyamazisha kwa kidole.

"Ni sitiari, kwa sababu hakuna neno 'kama'. Kisima kimefanywa jicho lenyewe. Jicho limelia mpaka chozi limeisha. Msomaji anaona hata ardhi imechoka kuomboleza."

Nzula aliandika alama: zote. Kisha jina la Soipan likaingia kwenye orodha ya Namanga.

Saruni aliusoma mstari wa tatu tena, pole pole, akitikisa kichwa.

"Bado wamekonda," alisema, akalisukuma robota karibu na karatasi.

Munguti alilitazama. "Mzee, hili utalirudisha?"

"Nirudishe chakula cha mgonjwa?" Saruni aliuliza, akatoka.

Nzula alivuta kiti pembeni mwa robota, akaendelea kusahihisha.