Mjane wa Alhamisi

Mchungaji alishika karatasi niliyompa, akavaa miwani.

Sikuwa hata nimeanza utafiti wangu wa chuo. Nilikuwa ofisini kwake kuomba ruhusa ya kukaa na waumini wake mwaka mzima, kuona wanavyosali na kuwahoji. Nilishamweleza kwamba ruhusa yake inanifungulia mlango tu. Kila muumini ataamua mwenyewe, na anaweza kujitoa wakati wowote. Akacheka: "Wakikukatalia, niambie." Nikamjibu kuwa hilo ndilo nisiloweza kumwambia.

Halafu mimi huyohuyo, kwa kiherehere changu, nikampa mfano wa maandishi ili aone ninavyoficha utambulisho wa watu ninaowahoji. Ulitoka kwenye mahojiano ya majaribio na fundi cherehani mmoja, rafiki wa mama. Jina nilibadilisha. Nikajiona mjanja.

"Mjane anayewaombea wagonjwa kila Alhamisi," Mchungaji akasoma kwa sauti.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kanisa zima lina mjane mmoja tu wa Alhamisi, naye ndiye yule fundi. Na mistari mitatu chini yake alikuwa amesema kwamba tangu mumewe afe hasikii chochote anapoomba. Anaweka mikono juu ya wagonjwa kwa mazoea tu.

"Naomba hiyo karatasi, Mchungaji."

"Si umeshaficha jina?"

"Nimekosea. Haikupaswa kufika hapa."

Akanitazama juu ya miwani. "Bila kuona unachoandika, ruhusa sitoi."

"Basi usitoe," nikasema, mkono umenyooka. Akanirudishia taratibu mno. Sikujua macho yake yalikuwa yamefika wapi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Alikuwa anapinda gauni la shule. Nikamweleza yote bila kujipamba, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Alisoma mpaka wapi?"

"Mstari wa kwanza niliusikia. Mengine sijui, mama. Nisamehe."

"Mwanangu, wale wagonjwa ndio wanaonitoa kitandani." Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza. "Futa sauti yangu uliyoirekodi. Nikiona."

Nikafuta mbele yake, kwenye simu na kwenye kompyuta, nikaichana na ile karatasi. Nikamwambia nitamwarifu msimamizi wangu chuoni kilichotokea, bila kumtaja, na kwamba neno lake halitaingia popote.

Simu yake ikaita. Mchungaji. Akaiweka sikioni, akasimama wima kabisa.

"Ndiyo, Mchungaji. Salama. Alhamisi? Nipo. Nitakuja." Akasikiliza kidogo. "Amina."

Akaiweka mezani, juu ya vitambaa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama nitakuja."

"Basi hakusoma."

Fundi akaokota gauni, akalitafuta pindo kwa vidole.

"Miaka yote hii," akasema, "hajawahi kuniuliza."