Sentensi za Seño Odilia

Jumatatu ile Odilia Ixcot aliingia shuleni na sweta ameligeuza nje ndani, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumwambia. Ilikuwa siku ya kumi na moja hasemi na binti yake, ukitoa yale ya chumvi iko wapi na nani kafunga maji. Na mtu anayenyamaza nyumbani huja kazini mdomo unamwasha.

Tena kazi yenyewe ni ya mdomo. Pale Quetzaltenango, mji wa milimani ambao wenyeji wanauita Xela na hawataki kubishana, shule za Kihispania hazina madarasa ya watu thelathini. Ni meza ndogo ndogo uani chini ya bati, kila meza mwalimu mmoja na mgeni mmoja, uso kwa uso, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Saa tano mfululizo! Jaribu wewe. Siku mbili za kwanza mwalimu hutoa mifano ya kitabuni, paka na meza na Juan. Ya tatu mifano inakwisha, anaanza kuchota nyumbani kwake. Ndivyo wageni wa Xela wanavyorudi kwao wakijua deni la jirani na ugonjwa wa mama mkwe, na hakuna aliyewasimulia. Wamesikia kwenye mifano tu.

Wiki hiyo Odilia alipewa Henning, mwoka mikate mstaafu kutoka Denmark, mrefu kupita kiasi, magoti hayaingii chini ya meza. Mwanawe ameoa Xela, na Jumapili mjukuu wake anabatizwa. Babu ametakiwa aseme maneno mawili matatu ya kumtakia mtoto heri mbele ya ukoo mzima wa mkwe.

"Nimeandika," alisema Henning, akasoma kwa fahari: "Quiero que mi nieta es feliz."

"Hapana, don Henning. Mjukuu ana furaha, es. Nataka mjukuu awe na furaha, sea. Ukishasema nataka, halafu que, yaani kwamba, halafu mtu mwingine, kitenzi hakiwezi kukaa kama kilivyokaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jambo halijatokea. Liko moyoni mwako tu."

Sisi tunaosimulia kwa Kiswahili hapa hatutoki jasho. Mtoto anakula, lakini nataka ale. Anakuja, lakini naomba aje. Herufi ya mwisho inageuka na maisha yanaendelea. Wao nao hugeuza, tena kwa namna inayokaribia yetu: habla, anasema, inakuwa hable, aseme. Ila ukija kwenye come, anakula, mambo yanapinduka, inakuwa coma. Wenye e wanachukua a, wenye a wanachukua e, na vile vichache vikorofi kama sea, awe, na vaya, aende, unavimeza vizima vizima bila kuuliza.

"Ukitaka jambo lako mwenyewe huhitaji que," Odilia aliendelea, huku kalamu yake ikigonga meza. "Quiero ir, nataka kwenda. Basi. Que inakuja pale unapotaka mtu mwingine afanye. Andika mfano. Quiero que mi hija se quede."

Nataka binti yangu abaki. Henning akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Binti mwenyewe ni Azucena, umri wake miaka ishirini na mbili. Alikuwa amepata mkataba wa kuchuma matunda Kanada, miezi sita, karatasi zote halali. Basi la kwenda mji mkuu lingeondoka Alhamisi saa saba mchana. Siku alipomwonyesha mama yake barua, alisema neno moja tu la ziada: "Siondoki bila baraka yako, mama." Wala hakuwa anatisha. Kwa kina Ixcot hakuna anayevuka kizingiti kwa safari ndefu kabla hajapiga magoti, mama akamchora msalaba kwenye paji la uso na kumtamkia heri. Hata baba yake Azucena alipokwenda kaskazini, miaka tisa iliyopita, Odilia ndiye aliyemtamkia, kwa kuwa mama mtu alikwisha kufa. Baba huyo alipiga simu miezi minne. Kisha kimya mpaka leo.

Kwa hiyo Odilia alijua kwamba ufunguo uko mdomoni mwake, akaufungia humo. Hakukataa. Hakusema ndiyo. Alinyamaza tu, akahesabu siku, na kila usiku ukipita alijisikia ameshinda.

Jumanne ilikuwa zamu ya shaka. "Nikiamini, kitenzi kinatulia," alimwambia Henning. "Creo que viene, naamini anakuja. Nikitia shaka, kinageuka. Dudo que venga, nina shaka kama atakuja. No creo que venga, siamini kama atakuja." Akanyanyuka, akaenda kuangalia mvua, akarudi, hakukaa. "Dudo que el patrón sea bueno. Nina shaka kama huyo tajiri mwenye shamba ni mtu mwema. Dudo que haya calefacción. Nina shaka kama vyumba vina joto."

"Vyumba gani, Seño?" Henning aliuliza. Seño ndivyo walimu wa kike wanavyoitwa kule.

"Vyovyote. Ni mfano tu."

"Mfano una baridi sana."

Mwalimu wa meza ya pili, doña Hortensia, mkongwe wa miaka ishirini ya kazi hiyo, alicheka bila kuinua kichwa. Wakati wa kahawa alimvuta Odilia pembeni. "Wewe, huyo mzungu wako atajua mpaka rangi ya shuka zako. Yamwage kwa binti mwenyewe, si kwa mlipa ada."

"Nitamwambia nini? Akinisikia atasema namfunga."

"Na sasa unamfanya nini?"

Odilia alimeza kahawa ya moto, ikamuunguza, akajifanya hasikii.

Jumatano walifika kwenye amri na maombi: naomba que, naagiza que, nakataza que. Hiyo siku Odilia alikuwa hashikiki. Le pido que espere, namwomba asubiri. Le prohíbo que se vaya, namkataza asiondoke. Alitoa mifano mbio mbio kama mtu anayepura maharagwe, na Henning aliandika mpaka kidole kikaota sugu. Mwisho, ili amtulize, au ajitulize, alimpa kazi ya nyumbani: achukue sentensi zote za wiki, ageuze wenye kutaka. Aliyekuwa anatakiwa kitu sasa awe ndiye anayetaka. Ni zoezi la kila siku, wageni wote hulipitia.

Jioni hiyo Azucena alikuwa sebuleni anakunja nguo, begi wazi. Alikunja polepole, anangoja. Odilia alipita na sufuria, akarudi na sufuria ileile tupu. Alilala saa mbili, hakupata usingizi.

Alhamisi Henning alikuja amenyoa na amejiandaa. "Nisome kwanza zako, halafu nilizogeuza," alisema, akafungua daftari. Akaanza kusoma kwa sauti yake nene, taratibu, kila kitenzi mahali pake, hakuna kosa hata moja: nataka binti yangu abaki. Nataka binti yangu ale vizuri. Nina shaka kama tajiri ni mwema. Namwomba asubiri. Namkataza asiondoke. Natumaini basi lisije.

Ukurasa mzima. Odilia hakukumbuka kama alisema yote hayo. Alihisi masikio yanawaka, akatazama kama doña Hortensia anasikia. Alikuwa anasikia.

"Sasa za kugeuza," Henning alisema. "Nimeandika Mi hija quiere que yo... Nimekwama. Kwa sababu hapa, Seño, nimetafuta. Zako ni nyingi. Binti anataka nini, hakuna hata moja." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza hamira imewekwa wapi. "Binti anataka wewe ufanye nini?"

Odilia alifungua mdomo kwa mazoea ya kazi, maana mwanafunzi akikwama mwalimu humalizia sentensi. "Mi hija quiere que yo le dé la bendición," alisema. Anataka nimpe baraka. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Dé ni ya kikorofi?" Henning aliuliza, kalamu tayari.

"Ya kikorofi sana," alisema Odilia. Akatazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. "Don Henning, nakuomba uniache niende."

"Le pido que..." Henning alianza kurudia, kisha akamwangalia usoni, akafunga daftari. "Nenda, Seño."

"Mimi nitakaa naye," doña Hortensia alisema. "Toka hapa."

Alikwenda kwa miguu, nusu anakimbia, mteremko wote mpaka nyumbani, kichwani amepanga amri. Nitamwambia nakukataza, nitamwambia mimi ndiye mama yako. Kufikia kona ya duka la mkate ilikuwa maombi. Kufikia mlangoni hakuwa na kitu.

Azucena alikuwa amekaa kwenye kiti, begi limefungwa miguuni, koti limevaliwa. Macho yamevimba. Alipomwona mama yake saa ile isiyo ya kurudi, alisimama.

"Sijafukuzwa kazi," Odilia alisema, kwa kuwa lazima mtu aanze mahali. "Nimekuja tu."

"Nilikuwa nampigia mratibu wa ule mkataba," Azucena alisema. "Nimwambie ampe mtu mwingine nafasi yangu. Siwezi kwenda umenichukia."

"Nani kakuchukia?"

"Siku kumi na nne, mama. Hunitazami hata usoni. Ukinipa chumvi unaiweka mezani niiokote. Nikajua basi, kwako nimeshakuwa kama baba."

Odilia alishika ukuta. Siku zote hizo alidhani anamzuia mtoto, na mtoto alikuwa anaona anafukuzwa. Hasira, aibu na mapenzi vilimpanda pamoja.

"Piga magoti," alisema.

Azucena alipiga magoti pale pale sakafuni, koti na yote. Odilia akaweka kidole gumba kwenye paji la uso wa binti yake. Msalaba ukaenda upande.

"Nataka ubaki," alisema. "Nina shaka na huko unakokwenda, nina shaka na kila mtu aliyeko huko. Nataka ubaki hapa nami. Na uende salama. Mungu afuatane nawe, ule vizuri, usipatwe na baridi, na urudi."

Azucena hakuinuka. Saa ilikuwa inakwenda, na kufika kituoni ni mwendo. Alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili, uso chini, mabega yanamcheza.

"Inuka, utachelewa."

"Rudia ile ya kwanza," Azucena alisema.

"Baraka?"

"Hapana. Ile ya kwanza."

Odilia akamwinamia. "Nataka ubaki," alisema.

Ndipo binti yake akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akachukua begi lake, akaenda.