Kufuli Katika Mstari wa Tano

"Basi usiandike. Nenda kamwambie mama kwamba umewaimbia maharusi wa watu wote mjini, ila yeye umekosa la kumwambia."

Dada mkubwa alisema hayo huku akikunja gauni la kulalia la mama yao na kulitia kwenye mfuko wa hospitali. Hakuinua macho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alizoea kugomba huku mikono ikifanya kazi.

Mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani waliacha kumwita jina lake tangu aanze kualikwa kughani mashairi harusini, wakamwita Malenga, alikaa kwenye meza ya jikoni mwa mama yao mbele ya karatasi nyeupe pe. Alijibu kwamba shairi si chapati, halisukumwi likatoka. Dada akamjibu kwamba hata chapati humshinda, kwa hiyo aache mfano huo.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Mchana huo angeingizwa chumba cha upasuaji, na madaktari hawakuficha kwamba kazi ilikuwa nzito. Hakuomba matunda wala shuka mpya. Aliomba shairi lake, alisikie kabla hajachomwa sindano ya usingizi. Alikwisha kuliomba zamani, mara kwa utani mara kwa kununa, na kila mara Malenga alisema linakuja. Sasa wiki nzima alikuwa amekaa na kalamu, na kila alichoandika kilikuwa maji ya kunawa. *Mama wewe ndiwe nuru, mama wewe ndiwe taa.* Vina vilipangika, mizani ilitimia, na mama hakuwamo. Ungeweza kumpa shairi hilo mama wa jirani na asijue kwamba si lake.

"Tatizo lako unataka kumwandika mama mzima," dada alisema. "Mama mzima haingii kwenye karatasi. Fanya zoezi ninalowapa watoto wangu wakikwama kwenye insha. Vitu kumi vya kawaida, kila mstari kitu kimoja."

Malenga alihisi uso unamwaka. Yeye, wa kupewa zoezi la darasa la sita. Lakini saa ya ukutani haikuwa na heshima kwa mtu. Akainuka, akakusanya kioo, taa ya kandili, chupa ya marashi, ua la plastiki na vingine vya namna hiyo. Akaandika mistari mitatu, na kandili ikawa nuru, na nuru ikawa mama. Alikuwa amerudi palepale.

Dada alisoma, akavizoa vitu vyote kwa mkono mmoja, akavirudisha sebuleni.

"Hivi vimekwisha kutumika. Vimeingia kwenye mashairi ya watu mpaka vimechakaa. Nipishe."

Akazunguka nyumba bila kuchagua, akichukua kilichokuwa karibu na mkono, na kuvitua mezani kimoja kimoja: kandambili, ndoo, kopo, kibiriti, kufuli, sindano ya kushonea, pasi, mwiko, tochi, kipande cha sabuni. Akamwamuru aviandike ubavuni mwa karatasi kwa mpangilio uleule, kutoka juu kwenda chini. Kisha akatoa masharti. Kila kitu kipewe kitenzi kabla ya kupewa sifa: kifanye kazi, kisikae tu kama pambo. Kusiwe na kuruka wala kufuta hadi afike sabuni. Maneno mama, moyo, nuru, penzi na machozi ni marufuku. Vina pia ni marufuku.

"Vina?" Malenga alishtuka kama aliyevuliwa nguo.

"Ndivyo vinavyokudanganya. Ukishaandika taa, kalamu inakimbilia wewe ndiwe shujaa. Mizani baki nayo, najua bila mizani utaugua."

Dada akaenda chumbani kumalizia mfuko. Malenga akatazama kandambili. Swali lilikuwa limepungua ukubwa. Hakuulizwa tena mama ni nini. Aliulizwa kandambili zinafanya nini, na hilo mtu anaweza kulijibu.

*Kandambili zanong'ona,*
*ndoo imejazwa maji,*
*kopo juu limelala,*
*kibiriti kafutika,*

Hapo alisita. Mbona mtu afutike kibiriti kwenye nguo na kuondoka nacho? Ili watoto wasichome nyumba. Na ndoo imejazwa kwa nini? Ili wakiamka na kiu wasihangaike. Kitu kilichofuata kilikuwa kufuli, na sasa alijua yuko wapi. Angekuwa huru angegeukia kwingine, kama alivyogeuka miaka yote. Lakini kufuli lilikuwa la tano, na kuruka kulikatazwa.

*Kufuli lafungwa kwa nje.*
*Sindano zinamngoja,*
*na pasi zilizowaka.*
*Mwiko naushika mimi.*
*Tochi inakwisha nguvu.*
*Sabuni nanusa: kaja.*

Alihesabu silabi kwa vidole. Nane, nane, nane. Hakukuwa na neno la kuongeza.

Dada alisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati akavuta kiti. Mama yao alishona zamu ya usiku kiwandani walipokuwa wadogo, hakuwa na wa kumwachia watoto, na aliwafungia. Majirani walimsema mpaka yeye na wanawe wakahama mtaa. Ndani ya familia jambo hilo halikutajwa kamwe.

"Mimi nilikuwa nalala," dada alisema polepole. "Siku zote nilidhani na wewe umelala."

Kisha akawa mwalimu tena. Akasema shairi ni zuri, ila kufuli litoke. Mtu anaenda kulazwa kwenye meza ya kisu, unamkumbusha kwamba aliwafungia watoto kama mbuzi? Aweke kitu kingine, kikapu, chochote.

"Masharti ni yako, dada."

"Na mimi nayafuta. Andika kikapu."

Malenga aliandika kikapu pembeni na kusoma upya. Kikapu kilikaa vizuri, lakini mistari yote ya chini ikaanguka. Mwiko ulishikwa mithili ya rungu kwa sababu gani, kama mlango haukufungwa? Tochi ilikuwa inamulika nini? Na sabuni, harufu ya mikono ambayo mama aliinawa kiwandani kabla ya kurudi alfajiri, ikabaki tangazo la duka. Akaikunja karatasi bila kuamua, wakatoka kwenda hospitalini.

Mama alikuwa amekwisha kuvishwa joho la upasuaji, mdogo kitandani kuliko alivyokuwa jana. Muuguzi alikuwa akifungua breki za kitanda.

"Malenga wa maharusi," mama alisema. "Umeniletea, au linakuja?"

Dada alimkanyaga mdogo wake mguu chini ya kitanda. Kichwani Malenga alikuwa na mashairi mengi ya harusi. Angebadili jina tu, na mama angetabasamu kwa adabu. Akamwomba muuguzi angoje kidogo, akaikunjua karatasi, akaanza. Alipita kandambili, ndoo, kopo, kibiriti. Mama alikuwa ametulia, akitazama dari.

"Kufuli lafungwa kwa nje," Malenga akasoma, wala hakuishusha sauti.

Mama aligeuza kichwa.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, mama. Kila siku."

Muuguzi alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama. Mama alitoa mkono chini ya shuka, akamshika binti yake kifundo cha mkono uliobeba karatasi, akakikaza.

"Endelea," alisema.

Naye akaendelea.