Diploma: Sina

Tangazo la kazi lilidai diploma, au uzoefu unaolingana nayo. Shemeji wa Fridolin, mjuzi wa mambo yasiyomhusu, alimwambia asiiguse habari ya diploma. "Usijichongee, bwana." Fridolin hakumsikiliza, akaandika waziwazi kwenye barua: diploma sina, miaka minane nimesimamia vijana wanaotega mbu wa utafiti kijijini Lupiro.

Sasa ameketi Ifakara, mbele ya Mama Getrude, mkuu wa mradi wa malaria.

"Huo usimamizi nitaupimaje?" mama aliuliza.

"Mama, kuna nyumba alifariki mtoto kwa homa. Nilitoa mitego ya mbu kitongoji kizima, tukaenda na vijana wangu kuchimba kaburi. Matanga yalipoanuliwa, wafiwa wenyewe wakaniita niirudishe."

"Na takwimu za siku hizo?"

"Hazipo. Vijana walitaka tukadirie, nikakataa. Niliandika: hakuna, palikuwa na msiba."

Mama Getrude akaivuta barua ya Fridolin na kuweka kidole pale palipoandikwa "sina".

"Jumatatu uanze kazi," alisema taratibu. "Hata hapa hukukadiria."